Bas Nne na Metro Moja: Uchambuzi wa Kipande cha Vichekesho vya Kihindi Kutoka Mumbai

Mzaha uliokufa ndio ulioonekana mzuri kuliko yote ulipokuwa bado kwenye simu. Mwenyewe ni kijana wa Kanpur, mji wa jimbo la Uttar Pradesh kaskazini mwa India, aliyehamia Mumbai kutafuta riziki. Mchana ni mtu wa ofisi, usiku ni mchekeshaji katika zile kumbi ndogo ambazo maiki iko wazi kwa yeyote aliyejiandikisha. Kipande chake kilikuwa cha dakika sita hivi, kwa Kihindi, kuhusu safari ya kwenda na kurudi kazini: kwanza basi, kisha treni, kisha metro. Mwishoni aliweka mchezo wa maneno aliouona kama zawadi ya bure. Neno metro ukilikata katikati unapata mat ro, na mat ro kwa Kihindi ni "usilie". Abiria amebanwa, amechelewa, machozi yanamlenga, na jina la chombo chenyewe linambembeleza. Nani asingecheka?

Hawakucheka. Ukumbi ulikaa kimya, halafu nyuma kabisa mtu mmoja akasema "achhaaa", ile ya mtu aliyefumbua kitendawili. Mchekeshaji yeyote atakwambia ni afadhali kimya kitupu kuliko achha ya namna hiyo. Na ajabu yenyewe ni kwamba dakika chache kabla, neno dogo lisilo na ujanja wowote wa kuonekana, bas, lilikuwa limewavunja mbavu watu wale wale.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya sauti. Kazi hiyo ina faida moja: unarekodi kila kitu, na kesho yake unaweza kusikiliza sio mchekeshaji tu bali ukumbi wenyewe, kicheko kilianzia wapi, kilichelewa kiasi gani, nani alianza na nani alifuata. Kipande hiki nilikifuatilia tangu kikiwa kichanga mpaka kiliposimama, na ninachokieleza hapa kimetoka humo. Watu hawakushindwa kuelewa mzaha wa metro. Waliuelewa vizuri, ila walilazimika kuutafuta, na mzaha unaotafutwa hauchekeshi.

Tuanze na basi, maana hapo msomaji wa Kiswahili ana bahati kubwa. Kihindi kililichukua neno la Kiingereza la chombo hicho kikalitamka bas. Lakini kilikuwa tayari na bas nyingine, iliyotoka Uajemi, yenye maana ya "imetosha". Sisi nasi tuna basi la kupanda na tuna "basi!" ya kukomesha jambo, na hiyo ya kukomesha asili yake ni huko huko Uajemi. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayepiga kelele "basi, basi, limejaa!" ameshafanya nusu ya mzaha wa Mumbai bila kujua.

Nimesema nusu kwa sababu Kihindi kina bas ya tatu, na hii sisi hatunayo. Ni bas ya uwezo, ya mtu kulimudu jambo. Mhindi akisema jambo fulani haliko bas mein, anasema halimo katika uwezo wake, limemshinda. Mein ni "ndani ya", na kwa Kihindi huja nyuma ya jina. Kwa hiyo bas mein ni "ndani ya basi" na pia ni "limedhibitiwa", herufi kwa herufi, sauti kwa sauti. Huhitaji kubana wala kunyoosha chochote.

Kijana alikuwa amejenga juu ya hapo hadithi fupi. Ni wiki zake za kwanza mjini. Ameshuka kwenye basi kwa kusukumwa na watu, simu iko mfukoni lakini kila kitu kingine kimebaki kwenye kiti. Basi linaondoka. Papo hapo simu inalia, ni mama yake kutoka Kanpur, anauliza swali ambalo kila mama huuliza: mwanangu, mambo yote bas mein, yaani umeyamudu? Naye anajibu:

"Haan mummy. Laptop bas mein hai. Chhaata bas mein hai. Tiffin bas mein hai. Bas, main bas mein nahin hoon."

Yaani: ndiyo mama, kompyuta imo, mwavuli umo, chakula cha mchana kimo, ni mimi tu sijamo. Mama anasikia mtoto wake mambo yamemnyookea, isipokuwa mwishoni ambapo anaonekana kukiri kwamba mwenyewe amevurugikiwa. Ukumbi unasikia basi likiyoyoma na mali zake. Tazama pia lile bas la kwanza katika sentensi ya mwisho, kabla ya main. Hilo si basi wala si uwezo, ni ile bas ya "imetosha" ikifanya kazi ya "ila tu". Ndani ya sentensi moja ya maneno sita bas mbili zinapita zikiwa na kazi tofauti, na mtu wa kawaida hata hajui kwamba amezisikia. Anacheka tu.

Usiku wa kwanza, hata hivyo, hata huu ulichechemea, na sababu yake ni ya sarufi. Alikuwa ameyaandika majibu yake kwa mama yakiwa na mere bas mein, "katika uwezo wangu": mere ni "-angu". Kihindi kina majina ya kiume na ya kike, na neno linaloonyesha umiliki hubadilika kufuata jina. Bas ya uwezo ni ya kiume, kwa hiyo unasema mere bas mein. Bas ya kupanda ni ya kike, kwa hiyo ni meri bas mein. Ukitamka mere, sikio la Mhindi linalifungia nje basi la kupanda kabla hujalifikia neno lenyewe. Ni kama mtu wetu anayetaka kuchezea maana mbili za neno halafu akaliwekea ngeli: ukisema "kaa huyu" kila mtu anaona mnyama wa pwani, makaa ya moto hayamo tena. Dawa ilikuwa kuliondoa neno la umiliki kabisa. Sab bas mein hai, "yote yamo". Halina mwenyewe, kwa hiyo halina jinsia, na milango yote miwili inabaki wazi hadi mwisho. Kwenye rekodi tofauti ni dhahiri: kabla ya kuliondoa, kicheko kilianza baada ya kimya kifupi; baada ya kuliondoa kilianza juu ya neno chhaata, kabla hata hajafika kwenye chakula.

Hapo pana jambo ambalo nadhani watu wengi wanaotunga utani wa lugha mbili hulipuuza. Wanatafuta maneno yanayofanana, wakiyapata wanaona kazi imekwisha. Lakini neno haliji peke yake jukwaani, linakuja na jirani zake, na jirani mmoja anatosha kuutoboa mzaha.

Bas ya nne haikutoka kwake. Baada ya onyesho bwana mmoja wa makamo, mwenyeji, alimfuata akamwambia kwa Kihindi chenye lafudhi nzito ya Kimarathi kwamba amesahau bas ya Mumbai yenyewe. Kimarathi ndiyo lugha ya jimbo la Maharashtra, ambalo Mumbai ni mji wake mkuu, na kwa Kimarathi bas ni "kaa". Keti. Ndiyo amri anayoambiwa mtoto au kijana: bas.

Kijana alirudi wiki iliyofuata na kisa kipya, akakiweka kabla ya simu ya mama. Yuko kwenye basi, amesimama, kiti kimoja kimeachwa wazi. Bibi mmoja wa Kimarathi anakipigapiga kile kiti kwa kiganja na kumwambia, "Bas, bas." Yeye kwa Kihindi chake cha Kanpur anasikia "imetosha, imetosha". Anashtuka, anasimama pale pale alipo, hasogei tena. Bibi anaona kijana ana aibu, anaongeza sauti: "Are, bas! Bas!" Kijana anaanza kuomba radhi bila kujua kosa lake. Basi zima linaingilia, watu wote wanamwambia bas, bas, na kadiri wanavyomwambia akae ndivyo anavyozidi kusimama wima, mikono kifuani, hadi kituo chake cha mwisho.

Jukwaani hiki hakikuwa na maneno mengi. Alikuwa anapiga kiti cha plastiki kwa kiganja, taf, taf, nami nilimsogezea maiki ya pili karibu ili mlio huo usikike. Ule mlio ndio uliowatafsiria wasiojua Kimarathi: mtu anapopiga kiti hawezi kuwa anasema kingine zaidi ya "kaa". Wanaojua Kimarathi walicheka neno lilipotamkwa mara ya kwanza, wasiojua walicheka kiganja kilipogonga mara ya pili, na vicheko viwili vikapandana.

Kuna na hesabu nyingine hapo, isiyo ya lugha tu. Watu wa Uttar Pradesh na Bihar wanaohamia Mumbai hawapokewi na kila mtu kwa mikono miwili. Mwaka 2008 kulikuwa na ghasia na vipigo dhidi ya wahamiaji wa kaskazini mjini humo, na suala la nani aseme Kimarathi halijapoa. Mtu wa Kanpur akipanda jukwaani kuicheka lugha ya wenyeji, atasikia kiti kikiburutwa. Hapa mjinga wa hadithi ni yeye mwenyewe. Bibi ana haki, abiria wana haki, na lugha yao ndiyo sahihi mahali hapo. Mwenyeji anacheka akiwa mwenye nyumba. Kisa kingegeuzwa, bibi awe ndiye asiyeelewa, maneno yale yale yangesikika kama kejeli, na nina hakika yule bwana wa makamo asingekuja kuchangia chochote.

Treni sasa. Treni za mjini Mumbai, wenyewe wanaziita lokal, ni za aina mbili. Kuna zinazosimama kila kituo na kuna zinazoruka vituo. Ubaoni juu ya jukwaa la kituo, karibu na jina la mwisho wa safari, inawaka herufi moja ya Kiingereza: F kwa treni ya kasi, S kwa ya polepole. Kila abiria, aliyesoma na asiyesoma, anazijua hizo. Na vipaza sauti navyo vinatangaza kila kitu mara tatu, kwa Kimarathi, kwa Kihindi na kwa Kiingereza. Kwa Kimarathi husema pudhil sthanak, kituo kinachofuata. Kwa Kihindi husema agla station, na humo ndani tayari kuna neno la Kiingereza ambalo hakuna Mhindi anayelihesabu tena kuwa la kigeni.

Ndiyo maana usafiri ni shamba zuri la mizaha hii. Maneno kama bas, faast, slo na pass si Kiingereza masikioni mwa watu wale. Yameshatahiriwa, yana matamshi ya Kihindi, yanaishi barazani. Mchekeshaji akiyatumia hamwombi mtazamaji atoke kwenye lugha moja aingie nyingine. Anamwonyesha kwamba alikuwa kwenye mbili siku zote.

Treni ya kasi maarufu kuliko zote ni ya Virar, kituo kilicho karibu kilomita 60 kaskazini mwa Churchgate, kituo cha kusini mwa jiji ambako njia hiyo inaanzia. Mgeni huonywa asiipande kama anashuka kabla ya Virar, hasa Borivali, kwa sababu wenyeji wa Virar wanaona treni ni yao na mlango hawauachii. Kijana katika kisa chake anataka kushuka Andheri. Anaona F ubaoni, anafurahi, anaingia. Andheri inafika, anaiona kwa dirisha, inapita. Na hapo:

"Board pe likha tha faast. Faast nahin hai, bhai. Phaansta hai."

Ubaoni waliandika ya kasi. Si ya kasi, ndugu yangu. Inanasa. Phaansna ni kutega, kunasa, kama mtego unavyonasa ndege. Phaansta hai ni "yanasa". Faast kwa matamshi ya Kihindi ina a ndefu, na phaansta ina a ndefu hiyo hiyo, ila ya puani kidogo. T zao nazo hazilingani, ila kubwa zaidi ni f dhidi ya ph. Hii ph si f. Ni p yenye pumzi nyuma yake. Wazee wa Mombasa na wa Unguja wataielewa mara moja, maana wao hutofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi hiyo hiyo, ingawa maandishi yetu hayaonyeshi. Kwa Kihindi sauti hizo mbili huandikwa kwa herufi moja, f ikiongezewa kitone kwa chini, na wengi hawajisumbui na kitone. Vijana wa mjini wengi wanatamka zote mbili kama f. Kwa mtazamaji wa Mumbai basi, faast na phaansta zinakaribiana sana.

Hapa ndipo mitambo ilipoingilia. Mtu wa Kanpur anatamka ph kwa pumzi kamili, na pumzi ikigonga maiki moja kwa moja inatoa mlipuko, "bup". Mara ya kwanza niliisikia kama kasoro, nikamwonyesha aielekeze maiki kidevuni badala ya mdomoni. Usiku huo mzaha ulipungua nguvu. Tulipolinganisha rekodi tukaona sababu: ule mlipuko ndio uliokuwa ukimwambia msikilizaji kwamba neno la pili ni la Kihindi, si faast iliyorudiwa. Tukaurudisha. Maneno mengine yote anasema maiki ikiwa chini kidogo, hili moja analisemea ndani kabisa. Kanuni za sauti zinasema usifanye hivyo, na kwa mhubiri au mwimbaji ningekataa.

Kwa upande wa S, mzaha ni slo na so lo. So lo ni "lala basi, jilalie", mwaliko wa upole. Treni ya polepole inasimama kila mahali, unaweza hata kupata kiti, au ile nafasi ya nne kwenye benchi la watu watatu ambako nusu ya makalio inaning'inia njiani, na ukipata unasinzia. Kwa maandishi slo na so lo hazilingani sana, kuna irabu nzima imepungua. Jukwaani zinalingana kwa sababu moja ya kupendeza: ukilitamka slo polepole, kama treni yenyewe, irabu inajiingiza bila kuitwa. Sss... o... lo. Alikuwa anatamka huku kichwa kinainama begani, na kufika lo macho yamefumba. Mwendo wa kutamka ndio uliotengeneza neno la pili.

Kulikuwa na mzaha wa jam pia, foleni ya magari, ambayo kwa Kihindi hutamkwa jaam, sawasawa na bilauri ya mvinyo katika mashairi ya Kiurdu. Sauti zinalingana vizuri sana. Tulimshauri aitoe, kwa kuwa kila mjomba kwenye kila harusi ameshaisema.

Turudi kwa maiti yetu. Metro, mat ro. Kwenye simu, kwa herufi za Kirumi, ni tofauti ya herufi moja na nafasi moja. Sikioni ni jambo lingine. Irabu ya kwanza ya metro ni e ndefu. Ya mat ni ile a fupi iliyofifia ambayo Kihindi kinayo na sisi hatuna. Halafu t zenyewe ni mbili tofauti. T za Kiingereza zikiingia Kihindi huwa t ya kukunja ulimi nyuma, juu kwenye kaakaa. T ya mat ni ya ncha ya ulimi kugusa meno. Mswahili wa bara atasema t ni t. Mhindi hawezi, kwake hizo ni herufi mbili mbalimbali na zinatofautisha maneno mengi. Msemaji wa Kimvita, mwenye t ya meno na t ya ufizi, angekuwa shahidi mzuri katika kesi hii.

Kwa hiyo mtazamaji aliposikia "metro... mat ro" alisikia maneno mawili ambayo hayahusiani. Ilimbidi ayaandike kichwani kwa herufi za simu ndipo aone yanavyofanana. Yule wa achha aliyaandika akayaona. Ulikuwa mzaha wa macho ulioletwa kwenye sehemu ya masikio, na kijana hakuwa na njia ya kulijua hilo akiwa peke yake na simu, kwa sababu simu ilimwonyesha kinyume.

Shauri la kwanza lilikuwa kuukata. Mwenyewe hakukubali, akasema kasoro ya matamshi si kasoro kama kuna mtu katika hadithi mwenye haki ya kutamka hivyo. Akamleta bibi yake kutoka kijijini karibu na Kanpur. Bibi hajawahi kusikia neno metro. Yuko Mumbai kutembea, wanampandisha ile njia ya Versova hadi Ghatkopar, iliyofunguliwa mwaka 2014 na kuwa ya kwanza mjini humo. Kipaza sauti kinasema neno, bibi analishika alivyolishika. Anamgeukia mjukuu kwa mshangao: serikali ya hapa ina huruma, kabla hujapanda wanakwambia mat ro. Mjukuu anamwambia, bibi, ni metro. Bibi anampapasa mgongoni: najua, mwanangu, mat ro, mat ro. Anamwona abiria mwingine amebanwa mlangoni, naye anamwambia mat ro. Behewa zima linabembelezwa na bibi mmoja.

Hakuna sauti hata moja iliyobadilika. Irabu ni zile zile, t ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba kutofanana kwa maneno sasa ni sehemu ya kisa: bibi amesikia vibaya, na mtazamaji anayajua maneno yote mawili kabla yake. Hakuna anayefumbua kitendawili. Na huu haukuwa tena mzaha wa neno, ulikuwa wa mhusika. Mara ya tatu bibi anaposema mat ro watu hawacheki maana ya neno, wanamcheka anayebembelezwa. Nakiri kwamba kwa ladha yangu hapa kipande kilipanda daraja, ingawa mwenyewe bado anaipenda zaidi ile ya mama na simu.

Kisha akaalikwa Delhi, na nusu ya kipande ikabaki Mumbai. Bibi wa Kimarathi hakuweza kusafiri; Delhi hakuna anayejua kwamba bas ni "kaa", na kuwaeleza kwanza halafu kuwachekesha ni kazi ya mwalimu. Virar haikuwa na maana kwao. Mama na simu ilisimama vizuri, kwa kuwa bas zake tatu ni za Kihindi chote. Bibi wa metro alipokewa kuliko Mumbai, maana Delhi ina metro tangu Desemba 2002 na watu wameikulia. Huko kila mmoja ameshampandisha bibi yake.

Pengo la treni alilijaza kwa slo ile ile, ila kwa mdomo mwingine. Delhi imejaa Wapunjabi, na Mpunjabi wa kizamani akikutana na konsonanti mbili mwanzoni mwa neno huzitenganisha kwa a: skuli inakuwa sakool. Slo basi inakuwa salo, na ukiivuta kidogo ni saalo. Saala ni kaka wa mke, shemeji. Kumwita hivyo mtu asiyekuhusu ni kumtukana kwa kuzunguka, kwamba dada yake unaye wewe, na saalo ni wito wa kundi zima. Barabara za India zina vibao vya manjano vilivyoandikwa GO SLOW. Mjomba wa Kipunjabi yuko kwenye usukani, anakisoma kibao kwa sauti: "Go, saalo!" Nendeni, mashemeji nyie! Anakanyaga mafuta. Kibao kilichowekwa kumpunguza mwendo kimemwongezea. Sijui mzaha mwingine katika kipande chote ambao maana mbili zinapingana moja kwa moja hivyo, na ulizaliwa kwa sababu tu ule wa Mumbai haukuingia kwenye sanduku.

Kazi ya mwisho iliyonifikia ilikuwa kuweka maandishi chini ya video. Hapo tuligundua kwamba herufi za Kirumi zinachagua upande. Ukiandika bus umemuua "imetosha", ukiandika bas umeliua basi, na mtazamaji anasoma kabla hajasikia. Herufi za Kihindi hazina tatizo hilo kwa neno hili: bas zote, ya kupanda, ya kutosha, ya uwezo, hata ya Kimarathi ya kukaa, zinaandikwa बस. Kwa hiyo sehemu ya basi tuliiweka yote kwa herufi hizo. Kwa faast na phaansta herufi zile zile ni wasaliti, maana maneno hayo mawili yanaandikwa tofauti, hivyo tuliandika sentensi hadi "faast nahin hai, bhai" na tukaacha mlipuko wa maiki umalizie. Kwa mjomba tuliweka picha ya kibao peke yake. Kwa bibi tuliandika maneno yake tu, mat ro kila mara, na kipaza sauti cha metro hatukukiandikia chochote.